Wimbo wa Kumwita Mutie

Mimi Kiilu nikisema najua kutunga wimbo, sijisifu, natoa habari tu. Kutoka Kalamba mpaka Kasikeu hakuna arusi ya maana iliyofungwa miaka hii ishirini bila mimi na gitaa langu, na hata zile zisizo na maana nilienda, kwa sababu ya pilau. Shule niliacha darasa la sita na mwalimu akashukuru. Lakini nipe jina la mtu, la mama yake, na nusu saa ya kivuli, nitakuletea wimbo utakaomfanya huyo mtu atembee kama ana gari.

Kwa hivyo shemeji yangu Nyawira, mke wa mwenzangu Mutie, alipokuja kwangu Jumatano moja asubuhi, akasimama mlangoni akiwa amekunja leso mkononi, akasema anataka wimbo, sikushtuka. Nilimuuliza ni arusi ya nani.

"Ni wa Mutie," akasema. "Amekataa mashine."

Nikaweka kikombe chini.

Wapwa zangu mnaosoma hii, hamkumjua Mutie akiwa na nguvu zake, kwa hivyo ngojeni kidogo. Mutie ni mchimba visima. Si wale wa siku hizi wa kuja na lori na bomba refu. Yeye ni wa sururu, mtaimbo, ndoo na kamba. Amechimba visima arobaini na moja kwa mkono, na kila kimoja amekikatia alama kwenye mpini wa sururu yake, na mpini huo hakuna mtu anaruhusiwa kuushika isipokuwa mimi, kwa sababu vyote arobaini na moja mimi ndiye niliyekuwa juu nimeshika kamba. Yeye chini, mimi juu. Watu husema yeye ndiye alifanya kazi. Waseme. Kamba nayo ni kazi.

Nyawira mwenyewe tulimpata kazini. Tulikuwa tunachimba nyuma ya maduka pale Malili, naye ametoka kwao Karatina kuuza mitumba kando ya barabara ya Mombasa. Kila siku saa nne alikuwa anatuletea uji, na ule wa Mutie unashushwa na ndoo. Wiki ya pili nikaona kikombe cha mtu wa chini kimewekwa sukari na cha mtu wa juu hakina. Nikajua mambo yameharibika. Mpaka leo yeye Kikamba anajua matusi peke yake, na Mutie Kikuyu anajua kuomba msamaha peke yake, kwa hivyo nyumba yao inaongea Kiswahili.

Halafu miaka miwili iliyopita figo za Mutie zikaacha kazi. Ilikuwa presha, ambayo alikuwa nayo bila kujua, akidhani kichwa kinamuuma kwa ajili ya jua. Tangu hapo, Jumanne na Ijumaa, anapelekwa hospitali mjini, anaunganishwa na mashine saa nne nzima, damu inatoka, inasafishwa, inarudi. Na kwa sababu mwili wake hautoi maji tena, maji aliyoruhusiwa ni chupa moja ya soda ya nusu lita kwa siku. Chai iko ndani ya hiyo chupa. Supu iko ndani ya hiyo chupa. Mtu aliyetoa maji kwenye mwamba mara arobaini na moja, anapimiwa maji kama dawa ya mtoto.

"Amekataa tangu lini?" nikamuuliza Nyawira.

"Ijumaa alisema amechoka, ataenda Jumanne. Jumanne akageukia ukuta. Ni siku nane sasa. Miguu imejaa. Usiku analala ameketi, akilala chini pumzi inakatika." Akakunjua leso, akaikunja tena. "Sista Barwaqo amenipigia simu, yule wa mashine. Amesema Ijumaa hii atamwekea kitanda mpaka saa nne asubuhi. Asipokuja, maji yataingia kwenye mapafu."

"Mchungaji ameongea naye?"

"Wameongea wote. Mtoto wetu Yvonne amelia kwa simu. Kaka zake wamekuja wakamfokea. Anawaangalia tu." Kisha akaniangalia mimi, na sikuyapenda hayo macho. "Wewe ndiye umebaki, Kiilu. Wewe na hiyo kelele yako."

Nikamwambia aende nyumbani apumzike, kabla ya jioni Mutie atakuwa anatafuta viatu mwenyewe. Ndivyo nilivyosema. Niliapa na kidole.

*

Nilitunga ule wimbo wa kwanza kwa saa moja, na niwaambie ukweli, ulikuwa mtamu. Nilifuata njia yangu ya siku zote. Wimbo wa kumsifu mtu huku kwetu una mifupa yake: unamwita jina, unamfunga kwa watu wake mmoja mmoja, baba, mama, mke, watoto, ndugu, ukoo, ili ajione amezungukwa. Kisha unampa kiitikio kikubwa chenye siku njema mbele. Kwa arusi siku njema ni watoto. Kwa mgonjwa nikaona siku njema ni Desemba. Kila mtu yuko nyumbani Desemba, kuna mbuzi, kuna muziki. Nikaandika, Desemba utacheza, Mutie, Desemba utacheza.

Saa kumi jioni nikaenda na gitaa. Mutie alikuwa kitandani, ameegemezwa mito mitatu, uso umevimba kama mtu aliyeumwa na nyuki. Hakunisalimu ila kwa nyusi. Kando yake kulikuwa na ile chupa ya nusu lita, imebaki vidole viwili.

"Tulia mzee," nikamwambia, "uponywe na mtaalamu."

Nikaimba. Mwana wa Kasyoka, Mutie. Mume wa Nyawira, Mutie. Baba yake Yvonne na Mathenge, Mutie. Ndugu yake fulani na fulani na fulani wa Kasikeu. Mkwe wa mzee Mathenge wa Karatina. Nilipofika Desemba nikainuka na kucheza kidogo, na kiuno changu bado kiko sawa, hata maadui wanakubali.

Nilipomaliza nikaketi. Halafu Mutie akasema polepole, akivuta pumzi katikati ya maneno, "Umesahau mochari."

"Mochari gani?"

"Kwa redio huwa wanasema. Mwana wa fulani, mume wa fulani, baba ya fulani, mkwe wa fulani. Halafu wanasema mwili uko mochari gani. Na mazishi ni lini." Akapumzika. "Ya lini umesema. Desemba."

Wapwa zangu, hakuna nyumba Kalamba isiyosikiliza matangazo ya vifo mchana. Sote tunaacha kijiko hewani tusikie ni nani. Mimi mwenyewe nasikiliza, nimejua mpangilio ule kama njia ya kwenda chooni. Na nikaenda nikamwimbia mtu mgonjwa, neno kwa neno, mpaka na wakwe. Nyawira aliyekuwa mlangoni na chai yangu aliiweka chini akatoka nje. Nilimsikia akisogeza sufuria ambazo hazikuhitaji kusogezwa.

"Mutie," nikasema, "hiyo Desemba nilimaanisha..."

"Najua ulimaanisha nini. Kwaya ya kanisa ilikuja, ikaimba Pasaka nitakuwa mzima. Nikangoja Pasaka. Nilihesabu wiki, Kiilu, kama mjinga. Pasaka ikafika, sindano ni zile zile. Kaka yangu akasema tukimaliza mvua. Mvua ikaisha. Kila mtu ananiletea tarehe. Nikifika hapo nakuta hakuna kitu, na ni mimi nimechelewa." Akafunga macho. "Kule chini hata wewe ulikuwa na akili zaidi."

Hayo tu. Akageukia ukuta, na kugeuka kwenyewe kulimchukua dakika nzima.

Nilibeba gitaa nikatoka kwa mlango wa nyuma kama mwizi.

*

Alhamisi asubuhi sikwenda popote. Niliketi. Mke wangu aliniuliza kama ninaumwa, nikamwambia ninatunga, akasema mbona uso ni wa mtu anayetapika. Kila mstari niliojaribu ulikuwa uongo. Rangi yako imerudi: haijarudi. Usijali: ajali nini basi kama si hii. Utaamka: sijui. Daktari mwenyewe alishamwambia Nyawira moyo wake umechoka, na wa kumpa figo hakupatikana, Yvonne alipimwa ikakataa. Miaka ishirini nimewapa watu maneno matamu, nikagundua sina hata moja la bure, yaani la kumpa mtu bila kumdanganya.

Karibu saa tano maji yakaisha nyumbani nikachukua mtungi, nikaenda kwa kisima cha jirani yangu Kitonga. Kisima hicho ni namba kumi na saba kwenye mpini. Nikashusha ndoo. Nikaanza kuvuta, mkono juu ya mkono, na mdomo wangu ukaanza peke yake kitu ambacho sijaimba miaka mingi.

Ni wimbo wa kazi yetu. Si wimbo wa kuuza, hauna hata gitaa. Mtu aliye futi sitini chini haoni kitu, anaona duara ya mwanga ukubwa wa sahani. Hewa ya kule huharibika polepole, mtu analewa usingizi bila kujua, haumwi hata. Kwa hivyo mtu wa juu lazima amwite kila mara, naye lazima aitike. Sisi tulikuwa tunaita kwa wimbo. Mimi nasema jambo moja ninaloliona huku juu, yeye anasema, Niko. Jambo lingine, Niko. Nikiita mara tatu asiitike, navuta. Mistari ilikuwa mifupi kwa sababu anachimba, hana pumzi ya kupoteza. Sauti ni nne tu na zote za chini, kwa sababu ya juu ikiingia kisimani inavunjika na kuwa kelele. Na mwendo ni ule wa mikono kwenye kamba.

Na kulikuwa na sheria, mimi ndiye niliyeileta, kwa ubaya. Kisima cha saba, huko Kasikeu, kulikuwa na ngoma jioni, nami nilitaka kwenda. Mutie akaniuliza kutoka chini udongo wa kwenye ndoo unaonekanaje. Ulikuwa mkavu kama unga. Nikamwimbia, una unyevu, maji yako karibu, ili aongeze futi mbili tumalize siku hiyo. Akaongeza, bila kuweka mbao za kuzuia ukuta, kwa sababu kama maji yako karibu mbao za nini. Ukuta ukamwagika ukamfukia mpaka kifuani. Tulimchimbua kwa mikono mpaka jua likazama. Ngoma sikwenda. Alipotoka hakunipiga. Alisema tu, mtu wa chini usimwambie kile usichokiona.

Tangu siku hiyo, visima thelathini na vinne, sikumwambia hata mara moja kwamba maji yako karibu. Nilimwambia mambo ya juu. Jua limefika wapi. Nani amepita na amevaa nini. Uji unakuja au umechelewa. Alicheka kule chini mpaka mchanga ukaanguka. Hicho ndicho alichokuwa anasema Jumatano, kule chini hata wewe ulikuwa na akili zaidi, na mimi nikadhani ni matusi.

Niliacha mtungi hapo kisimani na kwenda kutafuta mistari.

Niwaambie kazi hiyo ilivyo, maana mnadhani kutunga ni kukuna kichwa. Nilizunguka Kalamba nzima kwa mguu. Nilijiwekea kwamba kila mstari uwe ni kitu ambacho Mutie akitaka anaweza kumtuma mtu akakithibitishe. Nilikwenda kwake kwa nyuma nikamtazama mbwa wake. Nilikwenda kwa Kitonga, nikaona mbuzi wake jike ametafuna ile kofia ya kazi ya Mutie iliyokuwa imetundikwa kwa ua tangu mwaka jana, imebaki ukingo tu. Mstari huo nikauchukua mbio. Nilikwenda kwa kisima cha kanisa, ambacho ni chake pia, namba thelathini, nikahesabu mitungi iliyopanga foleni. Nilimtazama Nyawira kwa mbali.

Kilichonitesa ni mstari wa ugonjwa. Usipouweka, wimbo mzima ni wa kukwepa, na mgonjwa anajua kila mtu anayemkwepa. Ukiuweka mzito, umemzika. Nilifuta mara sita. Mwishowe nikasema nitataja viatu vyake tu.

Mwisho nao ulinisumbua. Mimi nimezoea kumaliza na kiitikio cha kusimamisha watu. Hapa nilimaliza na swali, kwa sababu kwenye kazi yetu mtu wa juu hakuwa anaamua. Aliuliza, nivute au niache, na mtu wa chini ndiye aliyesema. Siku hizo nane kila mtu alikuwa amemwambia Mutie cha kufanya, na sidhani kuna aliyemuuliza akangoja.

Urefu, nikaupima na kikombe cha chai. Uishe kabla chai haijapoa. Mtu mwenye pumzi fupi hata kusikiliza kunamchosha.

*

Ijumaa saa moja na nusu nilikuwa hapo. Gari la Kanyi, yule wa teksi, lilikuwa limesimama nje, Nyawira alikuwa ameshaliita, na mfuko wa blanketi umo ndani. Mpaka hospitali ni saa moja na nusu barabara ikiwa nzuri.

"Hajasema ndiyo," Nyawira akaniambia. "Nimeita gari tu. Lazima mtu afanye kitu." Kisha akaona mikono yangu. "Gitaa liko wapi?"

"Leo sina."

"Basi ni mambo makubwa."

Ndani, Mutie alikuwa ameketi kwa ukingo wa kitanda, mikono kwenye magoti, anavuta hewa kama mtu anayenyonya kwa mrija ulioziba. Midomo imekuwa rangi ya majivu. Nikavuta kigoda, nikaketi nyuma yake kidogo, asilazimike kunitazama, kama tulivyokuwa siku zote, sauti bila uso. Nikaanza, chini chini, mwendo wa kamba.

*Mutie, jua limefika kwa bati la choo.*

Hapo ndipo anaitika. Nikaacha nafasi. Hakuitika.

*Mutie, mbwa wako amelala kwa kiti chako.*
*Nimemfukuza, amenionyesha meno.*

Nikaacha nafasi. Kimya, na ile pumzi.

Hiyo ilikuwa mbili. Miaka hiyo yote hatukuwahi kufika tatu ila siku ile ya kisima cha saba. Nikaita ya tatu.

*Mutie, mbuzi wa Kitonga amekula kofia yako.*
*Amebakisha ukingo, sasa anauvaa.*

Nikangoja. Nyawira alikuwa kwenye mlango, mkono mdomoni. Nje Kanyi alizima injini. Nikaona mikono yangu imeinuka yenyewe, imejikunja kama imeshika kamba, na hakuna kamba, na sikujua niifanye nini.

"Niko," Mutie akasema.

Akavuta pumzi mbili.

"Niko. Na unaimba vibaya."

"Nimezeeka."

"Hata ukiwa kijana." Akapumzika. "Huyo mbuzi. Ni yule mweusi?"

"Yule mwenye pembe moja."

"Nilijua." Mabega yake yakatikisika kidogo, sijui ni kicheko au ni kikohozi. "Endelea."

Nikaendelea, na sasa anaitika, mara nyingine kwa mdomo, mara nyingine pumzi ikikosa anagonga ubao wa kitanda na ukucha, nami nahesabu hiyo kuwa ni jibu.

*Mutie, viatu vyako vimekukataa.* Niko.
*Viko chini ya kitanda vinakuogopa.* Niko.
*Nimekuletea ndara zangu, zinanuka.* Niko.
*Mutie, kisima cha kanisa kina mitungi kumi na tisa.* Niko.
*Na mama wawili wanapigania foleni.* Niko.
*Nyawira amekaanga mayai, amekula nikimwona.* Niko.
*Ameweka sukari, kwa kikombe changu hapana.* Niko.
*Mutie, gari liko mlangoni, dereva anapiga miayo.*
*Kamba iko mkononi, sina kingine.*
*Nivute au niache?*

Hapo wimbo unaisha. Hauna zaidi.

Nikangoja mpaka jua likatoka kwa bati la choo bila kuongeza neno, na kwa mtu kama mimi hiyo ni kazi kuliko kuchimba.

"Hukuniambia nitapona," akasema.

"Sijaona."

"Na leo nikienda?"

"Utashikwa na mishipa ya miguu kama siku zote. Utasikia baridi. Jioni utalala chini badala ya kuketi. Hayo Sista Barwaqo ameniambia, nilimpigia simu jana. Zaidi ya hayo hajui, na mimi sijui."

"Na siku moja nikisema wacha?"

Nyawira alitoka mlangoni. Nikataka na mimi kutoka.

"Ukisema wewe mwenyewe, nitaacha," nikamwambia. "Nitakaa pale juu tu. Lakini useme wewe. Usiniachie mgongo na ukuta. Ukuta haujui kuitika."

Akatazama miguu yake iliyovimba. "Lete hizo ndara," akasema.

*

Tulifika saa nne kasoro dakika kumi. Sista Barwaqo ni mwanamke mrefu wa kutoka Garissa, anaongea kama anayefunga mlango. Alimpandisha Mutie kwenye mizani, akasoma, akamtazama Nyawira, akasema, "Amezidi kilo sita na nusu. Hizi zote ni maji." Leo atatoa lita tatu, zaidi ya hapo moyo hautastahimili, na kesho Jumamosi arudi kutolewa nyingine. Mutie akaniangalia. Nilikuwa sijui habari ya Jumamosi. Nikainua mikono kuonyesha sijui, akakubali.

Sindano mbili kwenye mkono wa kushoto, pale walipomuunganishia mshipa, panavuma ukipagusa kama nyuki kwenye mzinga. Mashine ikaanza kuzunguka. Nikaketi kando nikaimba polepole, mambo yale yale, nikaongeza niliyoyaona njiani. Mzee wa kitanda cha pili, anaitwa Mahamud, mfanyabiashara wa mbuzi, aliuliza yule mbuzi mwenye pembe moja ni wa kuuzwa. Sista akaniambia kama nitaimba niimbe kwa chini, wengine wamelala, kisha akaleta kiti chake cha kuandikia karibu.

Saa ya tatu Mutie aliacha kuitika.

Niliita mara moja. Niliita mara mbili. Uso wake ulikuwa umelowa jasho na macho yamegeuka. Sikungoja ya tatu, nilipiga kelele, na huyo mwanamke alikuwa ameshafika kabla sijamaliza, ameshusha kichwa cha kitanda, ameinua miguu, amefungua chupa ya maji ya chumvi kwenye mrija, anapunguza mashine kwa mkono mwingine. "Presha imeshuka," akasema, si kwangu. "Mutie. Mutie." Nyawira alishika mguu wake wa kulia, kwa sababu mishipa ilikuwa imekaza kama fundo, akaukandamiza kwa kifua chake. Mimi nilisimama. Nilikuwa na wimbo mdomoni na hakuna mstari hata mmoja niliokuwa na haki ya kuuimba, maana nilichokuwa naona ni kitu gani? Nikaimba jina lake tu, kwa zile sauti nne.

Ilichukua muda ambao sitaki kuupima.

"Niko," akasema, kwa sauti ya karatasi. Halafu akasema, "Ndara zako zinanuka kweli."

Jioni alilala chini, kichwa kwenye mto mmoja. Jumamosi alienda, akatolewa lita mbili na nusu. Nilikwenda naye, na wimbo ulikuwa mpya, kwa sababu wa Ijumaa ulikuwa umeshazeeka, mbwa alikuwa amehama kiti.

Hii naandika Jumatatu. Nyawira ananiambia usiku aliamka mara mbili, na asubuhi hakutaka chai, na hajasema kama kesho anakwenda au haendi. Sijamuuliza. Atasema nikimwimbia. Tangu mchana natembea Kalamba kutafuta mistari na nimepata miwili peke yake: Kitonga amemfunga mbuzi, na Nyawira amenunua kofia mpya, ya kijani, mbaya sana, ameificha chini ya mfuko wa unga akidhani sijaiona. Hiyo ya kofia bado nafikiria. Naona ni vyema Mutie aione mwenyewe.

Miwili haitoshi saa nne za mashine. Giza halijaingia bado, wacha nizunguke tena.